Tano za Nini? Njia ya Mhitimu Kuingia Kwenye Ushauri wa Mifumo ya ERP

Mhitimu anayetamani kazi ya ushauri wa mifumo ya ERP kwa kawaida huanza na swali hili: nichukue cheti gani kwanza, cha SAP, cha Microsoft au cha Odoo? Leo nataka kutetea jibu ambalo wengi hawalipendi, kwamba swali hilo linakuja mapema mno. Kazi hii msingi wake ni uwezo wa kuweka hesabu mbili kando kwa kando, kuona kama zinakubaliana, na kueleza kwa nini zinakubaliana au hazikubaliani. Cheti hakifundishi hilo. Linafundishwa na mradi wa kwanza, na hasa ile sehemu yake ambayo vijana huidharau: kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kazi ipi. ERP ni programu moja inayobeba shughuli zote za kampuni: manunuzi, stoo, mauzo, mishahara na hesabu, zote zikichota kwenye hazina moja ya data. Mzigo ukipokelewa stoo, hesabu nazo zinabadilika dakika hiyo hiyo, bila karani kuandika upya. Kuisimika kunahitaji watu wa aina mbili. Wapo wanaoandika msimbo, yaani waprogramu. Na wapo washauri wa upande wa shughuli, ambao hukaa na mhasibu, mnunuzi na mtunza stoo, wakauliza kazi inafanyikaje, kisha wakausanidi mfumo uifuate kazi hiyo, au wakamshawishi mwenye kampuni abadilishe kazi iufuate mfumo. Hawa wa pili ndio ninaowazungumzia. Wengi wao hawaandiki msimbo kabisa. Wanachofanya ni kuchagua: akaunti ipi ipokee nini, nani aidhinishe nini, bidhaa ipimwe kwa kipimo gani. Chaguo likikosewa, programu haitatoa tahadhari yoyote. Itaendelea kufanya kazi kwa uaminifu mkubwa juu ya kosa lile.

Basi tuingie kwenye mradi. Tuchukue kampuni ya kufikirika ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, yenye duka, stoo na ofisi ya hesabu, inayohama kutoka kwenye mafaili ya Excel kwenda kwenye mfumo mpya. Mhitimu aliyeajiriwa juzi na kampuni inayosimika hapewi kuongoza mikutano na mkurugenzi. Anapewa mafaili: orodha ya bidhaa, orodha ya wateja, orodha ya wauzaji, ankara ambazo hazijalipwa na stoki iliyopo. Anaambiwa ayasafishe, ayapange kwenye violezo vya mfumo mpya, ayapakie, kisha athibitishe kwamba salio la kuanzia ndani ya mfumo mpya ni lile lile lililo kwenye urari wa mhasibu. Kila kundi linapopakiwa, upande wake wa pili huwekwa kwenye akaunti moja ya muda ya kuhamishia. Stoki ikiingia debiti, akaunti hiyo inaingia krediti. Madeni ya wauzaji yakiingia krediti, akaunti hiyo inaingia debiti. Makundi yote yakimalizika, pamoja na salio zilizobaki za urari kama benki na mtaji, akaunti ya kuhamishia inapaswa kusoma sifuri. Ikibaki na shilingi yoyote, kuna kitu kimesahaulika au kimeingizwa mara mbili.

Hapo ndipo wengi hupumua wakidhani kazi imekwisha. Sasa sikiliza. Kwenye faili la stoki kuna mstari wa saruji: idadi 5, gharama ya kila kimoja shilingi 300,000, jumla 1,500,000. Jumla hiyo inakubaliana na urari wa mhasibu, senti kwa senti, na akaunti ya kuhamishia ni sifuri. Mhasibu anatia sahihi, msimamizi wa mradi naye anatia sahihi. Lakini tano za nini? Ofisi ya manunuzi hununua saruji kwa tani, na faili lilitoka huko. Mtunza stoo huhesabu mifuko ya kilo 50, na tani moja ni mifuko 20. Kwenye mfumo mpya bidhaa ile imesajiliwa kwa kipimo cha mfuko. Kwa hiyo stooni kuna mifuko 100 yenye gharama ya shilingi 15,000 kila mmoja, na kwenye mfumo kuna mifuko mitano yenye gharama ya shilingi 300,000 kila mmoja. Thamani ni ile ile, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Siku mfumo unapowashwa, mteja anataka mifuko kumi. Kama mfumo umesanidiwa kukataa kuuza kisichokuwepo, muuzaji anaambiwa stoki haitoshi huku mifuko imepangwa mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo bahati nzuri, kwa sababu kosa linajitangaza siku ile ile. Mbaya zaidi ni mteja anayetaka mifuko mitano. Mauzo yanapita bila kelele. Kampuni imepokea, tuseme, shilingi 17,000 kwa mfuko, yaani 85,000 kabla ya kodi, na mfumo umeandika gharama ya mauzo shilingi 1,500,000. Hasara ya 1,415,000 imezaliwa kwenye karatasi bila mtu kupoteza hata kijiko cha saruji, na haitaonekana mpaka mwisho wa mwezi, pale mkurugenzi atakapouliza kwa nini saruji inauzwa kwa hasara.

Kosa hili lingegunduliwaje mapema? Kwa kulinganisha jumla, kamwe. Linagunduliwa na mtu anayejua kwamba stoki ina hesabu tatu, ambazo ni idadi, gharama ya kimoja na thamani, na kwamba kuthibitisha moja hakuthibitishi zile mbili. Angeweka safu ya bei ya kuuzia kando ya safu ya gharama na kuchuja kila mstari ambao gharama imezidi bei. Saruji ingejitokeza mara moja, 300,000 dhidi ya 17,000, na huenda nondo zinazonunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande zikafuata nyuma yake. Kisha angekwenda stoo na karatasi, amwombe mtunza stoo ahesabu bidhaa chache mbele yake, na kwenye karatasi ile aandike kipimo kila mahali, si namba tupu. Kwenye Business Central ya Microsoft, ukurasa wa vipimo unaofunguliwa kutoka kwenye kadi ya bidhaa una sehemu inayosomeka `Qty. per Unit of Measure`, ambapo tani ilipaswa kuandikiwa 20. Sehemu hiyo moja ikiachwa na 1, hata manunuzi yajayo yatarudia kosa lile lile. Na mhitimu akumbuke kwamba kipimo cha msingi cha bidhaa ni kigumu kukibadilisha bidhaa ikishakuwa na miamala. Mifumo mingi hukataa kabisa, na hapo dawa ni kuitoa stoki yote na kuiingiza upya, au kufungua namba mpya ya bidhaa na kuistaafisha ya zamani.

Nimekaa kwenye saruji kwa makusudi, maana hapa ndipo penye pingamizi la kwanza. Watu husema kuhamisha data ni kazi ya ukarani, kwamba mhitimu mwenye digrii anatumikishwa kunakili mafaili wakati ushauri wenyewe unafanyika kwenye vikao. Ni kweli kwamba kunakili ni ukarani. Lakini aliyepitisha mstari ule wa saruji hakukosea kunakili. Alinakili vizuri sana. Alichokosa ni kujua jinsi ununuzi, uhifadhi na uuzaji wa bidhaa moja vinavyokutana ndani ya leja, na hicho ndicho kinachoitwa ushauri. Anayekaa kwenye vikao miaka mitano baadaye na kuuliza swali linalowaduwaza wote, mara nyingi ni yule aliyewahi kuupakia mstari kama ule akaambiwa aurudie usiku kucha. Zaidi ya hapo, mafaili yanamwambia mshauri mambo ambayo hakuna mtu atakayeyasema kikaoni. Mteja mmoja aliyeandikwa kwa tahajia nne ni dalili kwamba hakuna anayesimamia usajili wa wateja. Deni la mteja lililoandikwa kama jumla moja, bila ankara zake moja moja, maana yake ni kwamba kampuni haijui deni lipi limechakaa na lipi ni la juzi, na mfumo mpya ukilipokea hivyo utalionyesha lote kama limezaliwa siku ya kuhamia.

Kutokana na hayo, ujuzi wa kujiandaa nao unajipanga wenyewe. Wa kwanza ni uingizaji maradufu wa hesabu, debiti na krediti, kwa kiwango ambacho ukiambiwa tukio lolote la biashara unaweza kutaja akaunti mbili zinazoguswa bila kufungua kitabu. Aliyesomea uhasibu anao. Aliyesomea kompyuta anaweza kuupata kwa miezi michache ya kukaa na vitabu vya ngazi za mwanzo za NBAA au KASNEB, hata asipofanya mtihani wowote. Wa pili ni kuzichezea data: kuunganisha orodha mbili kwa namba inayofanana, kutafuta zilizojirudia, kujumlisha kwa makundi. Excel inatosha kuanzia, na lugha ya SQL kidogo itasaidia baadaye. Hapa aliyesomea kompyuta ndiye yuko mbele, na mhasibu ndiye anayepaswa kujikaza. Wa tatu ni kuuliza na kuandika, na huu unadharauliwa kuliko yote. Skrini na miongozo ya mifumo hii huku kwetu kwa kawaida iko kwa Kiingereza. Mtunza stoo anaieleza kazi yake kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha stoo. Mshauri anayeweza kusikia maneno "mzigo umeshuka ila karatasi bado" akatambua kwamba hayo ni mapokezi yasiyo na ankara, na akajua yanatua kwenye akaunti ipi, ana kitu ambacho mgeni aliyeletwa kwa ndege kutoka mbali hana.

Vivyo hivyo kuhusu kodi. Mfumo uliotengenezwa Ujerumani, Denmark au Ubelgiji unajua kukokotoa kodi ya ongezeko la thamani, lakini haukuzaliwa ukijua risiti ya EFD inayodaiwa na TRA, wala eTIMS ya KRA kwa upande wa Kenya. Kuunganisha mauzo na mifumo hiyo ni kazi ya waprogramu. Kuamua ankara itumwe hatua gani, na nini kifanyike mteja akirudisha mzigo baada ya risiti kutoka, ni kazi ya mshauri. Mhitimu anayezijua taratibu za mamlaka ya kodi ya nchi yake kwa undani hupata kiti mezani mapema kuliko mwenye vyeti viwili asiyezijua.

Pingamizi la pili ni zito, na silikwepi. Msikilizaji atasema: matangazo ya kazi yenyewe yanataka cheti, sasa unanishauri nikae bila? Hapana. Nasema tujue cheti kinamfanyia nani kazi. Kampuni nyingi zinazosimika mifumo ni washirika wa watengenezaji, na kwenye mpango wa ushirika wa Microsoft, kwa mfano, idadi ya wafanyakazi wenye vyeti huingia kwenye alama zinazoipa kampuni hadhi yake. Kwa hiyo mwajiri anakihitaji cheti chako pengine kuliko unavyokihitaji wewe, na ana sababu ya kukigharamia ukishaingia. Kwa anayetaka kutangulia, njia ya gharama ndogo ipo. Mtihani wa MB-800, wa mshauri wa Business Central, una masomo yake bure kwenye tovuti ya mafunzo ya Microsoft. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000, na cheti hudumu mwaka mmoja kisha huhuishwa mtandaoni bila malipo. Odoo ina toleo la Community ambalo mtu anaweza kulisimika kwenye kompyuta yake mwenyewe bila kulipa leseni, nayo mitihani yake hufuata toleo la programu, hivyo cheti cha toleo la zamani huzeeka. SAP ndiyo ngumu kuifikia ukiwa nje ya kampuni, kwa sababu kupata mfumo wa kujifunzia kuna gharama. Lakini ina vuguvugu lake: kampuni nyingi duniani zinahama kutoka mfumo wake wa zamani wa ECC kwenda S/4HANA, kwa kuwa SAP imetangaza kwamba matunzo ya kawaida ya toleo la zamani yanakoma mwishoni mwa 2027. Kila uhamaji wa namna hiyo unahitaji mikono ya kusafisha data.

Ukinibana niseme mfuatano ninaouamini, ningesema hivi. Kabla ya kulipia mtihani wowote, chukua Odoo Community au jaribio la siku 30 la Business Central, uiunde kampuni ya kufikirika kama hii ya saruji, uingize salio la kuanzia, ununue, uuze, urudishe mzigo, ufunge mwezi, kisha uandike kurasa chache ukieleza kila namba iliyoko kwenye mizania ilikotoka. Kurasa hizo ndizo za kwenda nazo kwenye usaili. Mtihani ufuate, kwenye mfumo ambao mwajiri unayemlenga anautumia kweli. Anayepanga kinyume hupata cheti kisha hukwama kwenye swali dogo la usaili: mzigo umepokelewa leo, ankara itakuja wiki ijayo, leo mfumo unaandika nini?

Kuna mlango mwingine ambao haupewi heshima yake. Si lazima mtu aanzie kwenye kampuni inayosimika. Anaweza kuanzia kwa mteja, kama karani wa manunuzi au mhasibu msaidizi, mahali ambapo mfumo unakuja kusimikwa. Kila mradi huteua watumiaji wakuu kutoka kila idara, watu wa kujaribu mfumo kabla haujawashwa na kuwafundisha wenzao. Nafasi hiyo wafanyakazi wazoefu huikimbia, kwa kuwa ni kazi ya ziada isiyo na nyongeza ya mshahara. Kijana akiipokea, anaona mradi mzima akiwa upande wa wanaoumia pale kitu kinapoharibika, na washauri wengi wazuri wametokea huko. Kasoro yake ni kwamba anajua kampuni moja tu, na huenda akadhani njia ya kampuni yake ndiyo sheria ya ulimwengu. Hiyo inatibika kwa mradi wa pili.

Baada ya data, kazi inayofuata ya mhitimu ni majaribio: kuandika mikasa ya kupima na kuisimamia. Hapa nimalizie hesabu ya saruji, maana lile swali la usaili jibu lake ni hili. Hati ya kuagizia inasema mifuko 100 kwa shilingi 15,000. Mzigo unafika, mifuko miwili imepasuka, mtunza stoo anaikataa na kupokea 98. Mfumo unadebiti stoki 1,470,000 na kukrediti akaunti ya kusubiri ankara kwa kiasi hicho hicho. Kwenye SAP, akaunti hiyo hupangwa kupitia `OBYC` kwa ufunguo wa `WRX`. Mifumo mingine ina jina lake, lakini kazi ni ile ile. Wiki ijayo ankara inakuja ya mifuko yote 100: shilingi 1,500,000, na kodi ya asilimia 18, yaani 270,000, jumla 1,770,000. Mfumo unalinganisha hati tatu, ya kuagizia, ya mapokezi na ankara, na kuona tofauti ya mifuko miwili. Itazuiwa au itapita? Inategemea kiwango cha tofauti ambacho mshauri ameruhusu. Kikiwa asilimia 1, ankara inasimama na mtu analazimika kuuliza. Kikiwa asilimia 5, inapita kimya kimya. Muuzaji anadai 1,770,000, na kwenye akaunti ya kusubiri zinabaki shilingi 30,000 upande wa debiti.

Mwandishi wa majaribio asiye makini hupima pale tu ambapo hati zote tatu zinakubaliana, na hapo kila mfumo hufaulu. Anayeijua kazi huandika mkasa wa mifuko iliyopasuka, wa ankara iliyotangulia mzigo, wa bei iliyopanda katikati, kisha huangalia akaunti ya kusubiri baada ya kila mmoja. Tena huwauliza wenye kampuni kiwango kile kiwe asilimia ngapi, na huandika jina la aliyeamua.

Watu husema siku hizi mifumo inakuja imeshapangwa, iko mtandaoni, na mshauri atakosa kazi. Upande wa msimbo umepungua kweli, na mchezo wa kubadilisha kila skrini kwa kila mteja unakwisha, kwa heri. Lakini hakuna mtengenezaji anayejua kama tano zilizoko kwenye faili ni tani au mifuko, wala kampuni hii inakubali kupoteza mifuko mingapi bila kuuliza.

Mwezi wa kwanza utafungwa. Mhasibu atapitia akaunti moja moja, atafika kwenye ile ya kusubiri ankara, atakuta shilingi 30,000 na atampigia simu kijana wa mradi. Kijana anaweza kumwambia azifute kwenye matumizi ili akaunti isome sifuri, na kampuni itakuwa imelipia mifuko miwili ambayo haikuipokea. Au anaweza kufungua mapokezi ya tarehe ile, aone 98, na kumwambia mhasibu amdai muuzaji hati ya kupunguza ankara ya shilingi 35,400, yaani 30,000 za mifuko na 5,400 za kodi yake.